«Hii parseli haiuzwi»: namna neno linageuka kuwa tendo

Tembea kwa miguu katika kata yoyote ya Bukavu, Goma, Lubumbashi ao Kinshasa, utakuta ukuta wenye maandishi makubwa ya rangi: «Hii parseli haiuzwi». Mara nyingi imeandikwa kwa Kifaransa, lakini maana ni ile ile. Sisi tumezoea, tunapita tu. Lakini mgeni anaweza kushangaa: kwa nini mtu aandike kwenye nyumba yake jambo ambalo hafanyi? Mwenye kuuza mikate haandiki kwenye duka lake «Hapa hatuuzi viatu».

Jibu tunalijua wote. Mwenye kuandika hatoi habari, anaonya. Anamwambia mnunuzi: kuko mtu, pengine hata ndugu wa damu, atakuja kukuonyesha hii nyumba na kukuomba pesa ya mbele; usimpe, utazipoteza. Na ndugu mwenyewe anaambiwa: nimekuona. Sentensi inaonekana kama habari, lakini kazi yake ni nyingine kabisa. Kuisema, ao kuiandika, ni kufanya kitu.

Wasikilizaji wengi wanatuuliza juu ya matangazo tunayosoma redioni. «Mulisema fulani ametolewa kwenye kazi, na mpaka leo anakalia kiti, redio inadanganya?» Ulizo ni zuri, na linahusu jambo lile lile la ukuta: ni wakati gani neno linatenda, na ni wakati gani linapita hewani bila kushika? Kuko tawi zima la filozofia linalochunguza hilo. Leo tutalieleza kwa kutumia usiku mmoja wa historia ya nchi yetu, usiku ambapo viongozi wawili walifukuzana kupitia redio moja.

Mwalimu mmoja wa Oxford

Mwenye kufungua hii njia ni Mwingereza John Langshaw Austin, aliyezaliwa 1911 na kufundisha filozofia kwenye chuo kikuu cha Oxford. Mwaka 1955 alialikwa Amerika, kwenye chuo cha Harvard, akatoa mfululizo wa masomo. Alikufa Februari 1960, miezi michache tu mbele ya Uhuru wetu, akiwa na miaka 48. Masomo yale yalichapwa 1962 kuwa kitabu chenye jina ambalo kwa Kiswahili tungesema «Namna ya kufanya mambo kwa maneno».

Austin alianza na jambo dogo. Wanafilozofia walikuwa wamezoea kuuliza juu ya kila sentensi: ni kweli ao ni uongo? Ukisema «Mvua ilinyesha jana Uvira», ulizo hilo linafaa. Tunauliza watu wa Uvira, jambo linaisha. Lakini afisa wa etasivili akisimama kwenye komine mbele ya kijana na binti na kusema «Ninawatangaza kuwa mume na mke», nani atapiga kelele «Uongo!»? Hakuna. Unaweza kusema yule si afisa, ao kijana ana bibi mwingine tayari. Lakini sentensi yenyewe haiwezi kuwa ya uongo, kwa sababu haielezi ndoa iliyokuwako mbele ya kusemwa. Inaileta. Mbele ya yale maneno walikuwa wachumba; kisha yale maneno ni mume na mke.

Kuko njia rahisi ya kutambua sentensi za namna hii. Ongeza mbele yake «kwa maneno haya». «Kwa maneno haya ninakuahidi», inakubali. «Kwa maneno haya ninajiuzulu», inakubali. «Kwa maneno haya ninapika bugali», watu watacheka, maana bugali haipikwi kwa mdomo. Na angalia pia nani anasema na wakati gani. «Ninakuahidi» ni ahadi. «Alimwahidi» ni habari juu ya ahadi, na habari hiyo inaweza kuwa kweli ao uongo. Katika Kiswahili chetu, hata umbo la jambo lililokwisha linafanya kazi hiyo. Mzee akisema katika kikao cha familia «Nimekubali», haelezi jambo lililopita jana. Anakubali pale pale, kwa kusema.

Neno linaharibika kwa namna mbili

Kama sentensi hizo hazipimwi kwa kweli na uongo, zinapimwa kwa nini? Austin anajibu: kwa kushika ao kutoshika. Ili neno lishike, kuko masharti, na yanaweza kuwekwa kama maulizo manne.

La kwanza: je, kuko utaratibu unaojulikana na kukubaliwa, wenye kusema kwamba maneno fulani yakitamkwa, jambo fulani linatokea? La pili: je, mtu, mahali na wakati ni vile utaratibu unavyotaka? La tatu: je, utaratibu umefuatwa sawasawa na mpaka mwisho? La nne: je, mwenye kusema analo jambo hilo moyoni, na kisha atalitimiza?

Hapa kuko tofauti ambayo watu wengi wanaichanganya. Lile neno likianguka kwenye moja ya maulizo matatu ya kwanza, hakuna kitu kilichofanyika. Tuseme mdogo wa mwenye nyumba anamwambia mnunuzi «Ninakuuzia hii parseli», na nyumba si yake. Hakuuza vibaya, hakuuza kabisa. Pesa zimetoka mfukoni, kelele zitakuwa nyingi, lakini mauzo hayako.

Likianguka kwenye ulizo la nne, mambo ni tofauti. Mwenye nyumba wa kweli anamwambia mpangaji: «Ninakuahidi, mwezi ujao nitatengeneza paa», na moyoni anajua hatafanya kitu. Ahadi ile ni ya mdanganyifu, lakini ni ahadi. Imeshika. Mpangaji ana haki ya kumwambia mbele ya mashahidi: «Papa, uliniahidi». Kama uongo wa moyoni ungekuwa unafuta ahadi, hakuna mtu angeweza kudaiwa neno lake. Kila mdaiwa angesema tu: «Sikuwa nalo moyoni».

Kwa hiyo, mbele ya kugombana, inaomba kwanza kujua: hili neno halikushika, ao lilishika na mwenye kulisema hana uaminifu? Sasa twende Leopoldville.

Usiku wa tarehe 5 Septemba 1960

Nchi ilikuwa na miezi miwili tu ya Uhuru. Jeshi lilikuwa limeasi, Katanga ilikuwa imetangaza kujitenga tarehe 11 Julai, Kasai ya Kusini nayo ilifuata. Joseph Kasa-Vubu alikuwa mkuu wa nchi, Patrice Lumumba waziri wa kwanza. Sheria iliyotawala iliitwa Sheria ya Msingi, iliyopitishwa na bunge la Ubelgiji tarehe 19 Mei 1960.

Ile siku ya tano Septemba, usiku, kisha saa mbili, Kasa-Vubu aliingia katika studio ya redio ya taifa. Alisoma tangazo fupi: anamtoa Lumumba kwenye kazi, pamoja na mawaziri wengine sita, na anamweka Joseph Ileo, aliyekuwa mkubwa wa Seneti, aunde serikali mpya. Katika kusoma ulimi uliteleza. Kwa kumtaja Lumumba alisema «burgumesta wa kwanza» pahali pa «waziri wa kwanza», kisha akajisahihisha. Yeye mwenyewe alikuwa amepata kuwa burgumesta wa komine ya Dendale, ambayo leo inaitwa komine Kasa-Vubu.

Saa nyingi hazikupita, Lumumba naye akafika kwenye redio ile ile. Akasema Kasa-Vubu si mkuu wa nchi tena, na serikali inaendelea na kazi. Alirudia kusema usiku ule mara zaidi ya moja.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa ameketi nyumbani mbele ya redio alisikia katika usiku mmoja kwamba waziri wa kwanza ametolewa na mkuu wa nchi, na kwamba mkuu wa nchi ametolewa na waziri wa kwanza. Mashine ni moja, mji ni mmoja, wote wawili wana cheo kikubwa. Kulala na kuamka, nani ametolewa?

Ukichukua sentensi hizo kama habari, huwezi kupata jibu. Huwezi kwenda Uvira kuuliza kama mvua ilinyesha. Ni matendo mawili, na kila tendo linapimwa kwa masharti yake.

Tupime neno la Kasa-Vubu

Ulizo la kwanza: kuko utaratibu? Uko. Kipengele cha 22 cha Sheria ya Msingi kilisema mkuu wa nchi anaweka na kutoa waziri wa kwanza na mawaziri. Watu wa Kasa-Vubu walishikilia hapo: imeandikwa wazi.

Lakini hapa mambo yanakuwa magumu, na ndiyo maana wanasheria wamebishana miaka na miaka. Kipengele kile kilifuata mfano wa katiba ya Ubelgiji, ambako imeandikwa kwamba mfalme anaweka na kutoa mawaziri. Katika desturi ya Ubelgiji, mfalme hakuwa akiamka asubuhi na kufukuza serikali yenye kuungwa mkono na bunge. Maneno ya kitabu yalikuwa mapana. Desturi iliyoyazunguka ilikuwa nyembamba. Sisi tulirithi maneno bila miaka ya desturi. Basi wafuasi wa Lumumba walisema: utaratibu unaoutaja haukuwa huo, bunge halijanitolea imani, kwa hiyo wakati haujafika. Angalia vizuri, ugomvi huu ni juu ya ulizo la kwanza na la pili. Hakuna mtu aliyesema Kasa-Vubu hakutamka. Wanagombana kama kutamka kwake kulihesabika.

Ulizo la tatu: utaratibu umefuatwa mpaka mwisho? Sheria ya Msingi ilitaka tendo la mkuu wa nchi lisainiwe pia na waziri, bila hivyo haliwezi kuwa na nguvu. Saini zilikuwako: ya Justin Bomboko, waziri wa mambo ya nje, na ya Albert Delvaux. Lakini watu walizijua baadaye, si katika tangazo lenyewe, na upande wa Lumumba ulilishika jambo hilo mara moja. Hii inatuonyesha kitu ambacho masikio yanasahau. Kwa msikilizaji, tendo lilikuwa sauti. Kwa sheria, tendo lilikuwa karatasi yenye saini mbili, na sauti ilikuwa ya kuijulisha. Kama karatasi haina saini ya pili, hata sauti ikifika Kisangani na Lubumbashi, tendo halijakamilika.

Na ule ulimi ulioteleza? Wengi wanaukumbuka kwa kucheka, lakini hakuna aliyedai kwa nguvu kwamba unafuta tendo. Kuko makosa yenye kuvunja utaratibu na makosa yenye kusahihishwa pale pale. Afisa wa etasivili akikosea kutamka jina la bwana arusi, kisha akasahihisha, ndoa inaendelea. Akiandika jina la mtu mwingine kwenye kitabu, hiyo ni kesi ingine.

Tupime neno la Lumumba

Hapa ulizo la kwanza linatosha. Sheria ya Msingi haikumpa waziri wa kwanza uwezo wa kutoa mkuu wa nchi. Kasa-Vubu alikuwa amechaguliwa Juni na vyumba viwili vya bunge vikiwa pamoja. Neno la mtu mmoja kwenye redio halikuweza kufuta kura ile. Hata kama Lumumba alikuwa na sababu nzito, na hata kama alikuwa na wafuasi wengi bungeni, utaratibu wa tendo lile haukuwako. Kwa lugha ya Austin, lile neno halikuwa baya wala la uongo. Lilikosa pa kushika.

Lakini tusiharakishe kusema basi Lumumba alifanya bure. Kwa kusema «Serikali inaendelea», alikuwa anafanya tendo lingine, na hilo alikuwa na haki nalo: alikuwa anakataa. Tendo la kumtoa mtu kwenye kazi linategemea watu walipokee kuwa tendo. Kukataa mbele ya nchi yote ni kusema: mimi silipokei, na ninyi musilipokee.

Na bunge lilifanya nini? Tarehe 7 Septemba, Chumba cha wabunge kilipiga kura, 60 kwa 19, kufuta matangazo yote mawili. Kesho yake Seneti nayo ilikataa kutolewa kwa Lumumba. Kasa-Vubu akajibu kwamba tendo la mkuu wa nchi halihitaji ruhusa ya bunge, kwa hiyo kura zile hazina nguvu. Sasa tazama: ugomvi umepanda ngazi moja. Mwanzo walibishana nani ametolewa. Sasa wanabishana nani ana haki ya kusema kwamba tendo limeshika ao halikushika. Na katika nchi ya miezi miwili, hakukuwa na mahakama ya katiba iliyokwisha kuanza kazi ya kukata maneno hayo.

Kufunga redio

Tarehe 6 Septemba, wakubwa wa Umoja wa Mataifa waliofanya kazi Leopoldville walifunga redio ya taifa. Sababu waliyoitoa ni kuzuia fujo. Lakini kufunga redio hakukuwaumiza wote sawa. Kasa-Vubu aliweza kusikika kupitia redio ya Brazzaville, ng'ambo ya mto. Lumumba hakuwa na mlango huo, na alipojaribu kuingia katika jengo la redio siku chache kisha, askari wa Umoja wa Mataifa, watu wa Ghana, walimzuia.

Hapa inafaa kuleta mafundisho mengine ya Austin, maana watu wanachanganya vitu vitatu katika neno moja. Kuko kutamka: sauti na maana yake. Kuko tendo linalofanywa katika kutamka: kuonya, kuahidi, kufukuza, kukataa. Na kuko matokeo yanayokuja kisha kutamka: mtu anaogopa, anakubali, anakimbia, anatoka barabarani. Tendo la pili linatoka kwenye kanuni inayojulikana. Matokeo ya tatu hayana kanuni. Yanaweza kuja ao kutokuja. Ninaweza kukuonya sawasawa, na wewe usiogope. Onyo limefanyika, matokeo hayakuja.

Kumnyima mtu redio kunagusa yote matatu. Anaweza kutamka chumbani mwake kutwa nzima. Lakini kukataa mbele ya nchi kunaomba nchi isikie. Asiposikiwa, si matokeo tu yamekosekana; tendo lenyewe halikufanyika.

Kisha tarehe 14 Septemba, usiku, sauti ya tatu ilitoka redioni: Kolonele Mobutu, mkubwa wa jeshi. Alitangaza kwamba anawasimamisha wanasiasa wote, mkuu wa nchi pamoja na serikali zote mbili na bunge, mpaka mwisho wa mwaka. Tupime: kuko utaratibu? Hakuna kabisa, hata kipengele kimoja. Kwa maulizo ya Austin, neno la Mobutu lilikuwa dhaifu kuliko yote matatu. Na bado ndilo lililotawala mitaani, kwani nyuma yake kulikuwa askari.

Watu wengine wanafikia hapo na kusema: basi maneno si kitu, bunduki ndiyo kila kitu. Si hivyo. Kama ingekuwa hivyo, Mobutu angetuma askari bila kwenda redioni. Alikwenda kwa sababu alitaka nguvu yake ionekane kama tendo lenye jina na mwisho wake. Na kiti cha Kasa-Vubu hakikushikwa na askari peke yao. Tarehe 22 Novemba 1960, Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa huko Nyuyorki ulikubali wajumbe wake kuwa ndio wajumbe wa Kongo. Ile nayo ni tendo la usemi: kupokea. Tendo lililokuwa linabishaniwa tangu Septemba lilizidi kushika kwa sababu wengine walilipokea, si kwa sababu ulizo la sheria lilijibiwa.

Hapo tunaona mpaka wa mafundisho ya Austin. Yanaonyesha vizuri sana neno limevunjika pahali gani. Hayawezi kutuambia nani alikuwa na haki, na hayawezi kumlinda mtu. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, na hakuna mpangilio wa maneno uliozuia hilo.

Katiba ilijibu

Mwanafunzi mmoja wa Oxford, Mwamerika John Searle, aliendeleza kazi hiyo katika kitabu cha 1969. Alionyesha kwamba matendo mengi ya usemi yanasimama juu ya kanuni zenye umbo hili: kitu fulani kinahesabika kuwa kitu kingine, katika hali fulani. Karatasi yenye saini inahesabika kuwa amri, kama saini ni ya fulani na fulani. Ukitaka kujua kama neno linatenda, tafuta kanuni ya kuhesabu.

Ukisoma Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 kwa jicho hilo, utaona kama imeandikwa na watu wenye kukumbuka ule usiku. Kipengele cha 78 kinasema rais anamweka waziri wa kwanza kutoka katika wingi wa wabunge, na anamaliza kazi yake pale waziri wa kwanza mwenyewe anapomletea kujiuzulu kwa serikali. Rais hana tena ile sentensi fupi ya «ninakutoa». Anaweza kutamani, anaweza kusukuma kisiasa, lakini tendo lenyewe linaanzia kinywani mwa mwingine. Na kipengele cha 79 kinasema rais anatenda kwa njia ya ordonansi, na isipokuwa chache zilizotajwa, ni lazima waziri wa kwanza asaini pia. Saini ya pili, ile iliyoleta kelele 1960, bado iko.

Kwenye redio leo

Sasa turudi kwa ulizo la wasikilizaji. Mnajua vile inavyokuwa: usiku, televisheni ya taifa inakatiza kipindi, msemaji wa rais anasoma ordonansi, majina yanapita, simu zinaanza kulia. Yule mwenye kusoma hamweki wala kumtoa mtu. Anajulisha tendo lililokwisha kufanyika kwenye karatasi. Mtangazaji wetu akirudia habari hiyo asubuhi, yeye naye anafanya tendo la tatu: anatoa habari juu ya kujulishwa. Habari yake inaweza kuwa kweli ao uongo, na kwa hiyo tunawajibika. Lakini hata akisoma kwa sauti kubwa namna gani, hawezi kumfukuza hata mlinzi wa soko.

Kwa sheria, masharti ni mengine tena. Katiba inasema, katika kipengele cha 142, sheria inaanza kufanya kazi siku 30 kisha kuchapwa katika Gazeti Rasmi, isipokuwa yenyewe imeweka tarehe ingine. Kipengele hicho hicho kinaitaka serikali kuieneza kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, katika siku 60 tangu kutangazwa. Kwa hiyo bunge likipiga kura leo, na sisi tukaitangaza leo, kesho sokoni mtu hawezi kukutoza kwa sheria hiyo akisema «Ilisemwa redioni». Ilisemwa, ndiyo. Bado haijatenda.

Basi mtu akija kwako na kusema «Chefu amesema», «Komine imeamua», «Redio imetangaza», muulize kwa utulivu. Nani hasa alisema, na cheo chake kinampa uwezo huo? Kuko karatasi, na imesainiwa na nani? Ina tarehe gani ya kuanza? Mtu mkweli atajibu bila kukasirika. Mwenye kutaka pesa yako ataanza kupandisha sauti, maana sauti ndiyo peke yake aliyo nayo.

Na ule ukuta wetu? Tuupime nao. Maneno «Hii parseli haiuzwi» yanaonya, na yanaonya vizuri, hata yakiandikwa na mtoto. Lakini hayamfanyi mtu kuwa mwenye parseli, wala hayavunji mauzo yaliyofanywa sawasawa mbele ya wakubwa wa ardhi. Kwa sheria yetu ya ardhi ya 1973, chenye kuonyesha haki ya mtu juu ya parseli ni setifika ya kuandikishwa. Ndiyo maana kuko familia zilizopaka ukuta rangi kila mwaka, na siku moja zikakuta mgeni amesimama kwenye mlango na setifika mkononi. Rangi ilikuwa imefanya kazi yake yote, kazi ya kuonya. Kazi ingine ilikuwa inangoja katika ofisi, na hakuna mtu aliyekwenda kuifanya.